Jinsi ya Kuharibu Insha ya Sanaa kwa Picha Mbili Tu

Miongozo ya kuandika vizuri imejaa maktabani, na bado kila muhula insha zinarudi zimechorwa wino mwekundu. Mwongozo huu ni wa upande wa pili. Ni wa mwanafunzi au mwandishi anayetaka insha yake ya historia ya sanaa irudishwe mapema, kabla msomaji hajachoka. Wala hahitaji hoja mbovu. Hoja anaweza kuziacha zikiwa nzuri kabisa. Picha mbili zinamtosha, mradi aziweke kwa uzembe unaostahili.

Tuseme insha inahusu jinsi kazi za sanaa za Afrika zinavyotoka mikononi mwa waliozitengeneza na kuishia kwa watu wengine. Picha ya kwanza ni ya kinyago maarufu cha pembe ya ndovu kutoka ufalme wa Benin, Nigeria ya leo. Ya pili ni ya mchoro wa Edward Saidi Tingatinga, ambao mwandishi ameuona ukutani kwa mzee mmoja Dar es Salaam. Mada nzuri, kazi nzuri. Tuanze kubomoa.

Fungua simu, tafuta kinyago cha Benin, chagua picha inayong'aa kuliko zote, ibandike kwenye insha. Chini yake andika: "Chanzo: Google." Google haikuchonga pembe, haikupiga picha, wala haina chumba cha kuhifadhia vinyago. Ni sawa na kuulizwa samaki huyu amevuliwa na nani, ukajibu kwamba umemkuta kwenye sahani. Ukitaka kubadilisha ladha andika Pinterest, matokeo ni yaleyale.

Uzuri wa njia hii ni kwamba haikuharibii maelezo peke yake, inaharibu na hoja. Kinyago hicho cha uso wa mwanamke, ambacho huaminika kumwakilisha Idia, Iyoba yaani mama yake Oba Esigie, kina pacha. Kimoja kipo Makumbusho ya Metropolitan, New York. Kingine kipo Makumbusho ya Uingereza, London. Vyote ni vya karne ya 16, vyote ni vya pembe, na kwa anayetazama kwenye kioo cha simu vinafanana mno. Tofauti iko kwenye taji. Cha New York kina vichwa vidogo vya Wareno wenye ndevu vikipokezana na samaki wa matope. Cha London kimezungukwa na vichwa vya Wareno tu, samaki hakuna. Halafu kuna watu wa tatu: nakala zilizochongwa baadaye na nembo ya tamasha la FESTAC la Lagos mwaka 1977, iliyotokana na kinyago cha London, ambacho Makumbusho ya Uingereza ilikataa kukiazimisha. Mtandaoni wote hawa wamechanganyika kama abiria wa stendi.

Sasa mwandishi wetu anaandika aya motomoto kuhusu samaki. Samaki huyu, anaeleza, anaishi majini na nchi kavu, ndiyo maana alifaa kusimama karibu na Wareno waliotoka baharini. Aya ni safi. Chini yake kuna picha ya kinyago cha London, kisicho na samaki hata mmoja. Mwalimu hahitaji kusoma zaidi. Ameshajua kwamba mwandishi hakutazama kitu anachokieleza, alitazama maelezo ya mtu mwingine akatafuta picha ya kupambia.

Kinachozuia aibu hii ni namba. Kila kitu kilichosajiliwa makumbusho kina namba yake, na hakuna vitu viwili vyenye namba moja ndani ya makumbusho moja. Cha New York ni 1978.412.323. Cha London ni Af1910,0513.1. Ukiandika namba, msomaji wa Mbeya au Mombasa anaweza kufungua ukurasa wa makumbusho na kukikuta kitu chenyewe, si pacha wake. Usipoiandika, majina yote mazuri utakayoweka hayamfikishi popote. Kwa hiyo mharibifu asiiandike kamwe.

Kama ni lazima aiandike, basi aielewe vibaya. Namba ya New York inaanza na 1978, na nimeshaona watu wakichukua tarakimu hizo na kuzifanya mwaka wa kazi. Kinyago cha karne ya 16 kinazaliwa upya katika zama za kaseti. Tarakimu hizo zinaonyesha mwaka kilipoingizwa kwenye orodha ya makumbusho. Na usidhani basi ndio mwaka kilipotolewa, kwa sababu kwenye ukurasa huohuo kuna mstari unaosema kwamba ni zawadi ya Nelson A. Rockefeller, 1972. Mkusanyo wake ulitolewa mwaka mmoja, ukaandikwa kwenye orodha mwaka mwingine. Ukurasa mmoja, tarehe tatu, na ni moja tu inayohusu mkono wa mchongaji.

Mtu aliyechoka kuharibu angeandika hivi:

"Picha ya 1. Mchongaji wa Edo, jina halijulikani, ufalme wa Benin (Nigeria ya leo). Kidani chenye sura ya Iyoba, karne ya 16. Pembe ya ndovu, chuma na shaba, sm 23.8 × 12.7 × 8.3. Makumbusho ya Metropolitan, New York, namba 1978.412.323. Mkusanyo wa Kumbukumbu ya Michael C. Rockefeller, zawadi ya Nelson A. Rockefeller, 1972. Picha: Makumbusho ya Metropolitan, CC0."

Yasome taratibu, yana mambo matatu ndani yake. Kwanza ni kitu chenyewe: nani, nini, lini, kwa malighafi gani, ukubwa gani. Kimo hutangulia, kisha upana, kisha kina; ukivigeuza, kinyago kirefu kinakuwa kipana kama sinia. Pili ni mahali kilipo na namna kilivyofika hapo kwa maneno ya mwenye makumbusho. Tatu, baada ya neno "Picha", ni mtu mwingine kabisa, yaani aliyesimama na kamera, na masharti yake. Makosa karibu yote ya maelezo ya picha hutokana na kuwachanganya hawa watatu, au kumtaja mmoja na kudhani umewamaliza.

Hapo kwenye jambo la pili nina neno langu. Mstari wa "zawadi ya Rockefeller, 1972" ni wa kweli, na adabu inataka uandikwe kama makumbusho ilivyoagiza. Lakini unaanza hadithi karibu mwishoni. Vinyago hivi vilichukuliwa mwaka 1897, majeshi ya Waingereza yalipouvamia mji wa Benin na kupora kasri ya Oba Ovonramwen. Vikaangukia mikononi mwa Ralph Moor, mkuu wa utawala wa Kiingereza katika eneo hilo. Vikapita kwa mtaalamu wa elimu ya watu, Charles Seligman. Kimoja kikaenda Makumbusho ya Uingereza mwaka 1910, kama namba yake inavyoonyesha, na kingine kikanunuliwa na Rockefeller mwaka 1958. Insha inayozungumzia kazi kuhama mikononi mwa watu, halafu chini ya picha ikaandika "zawadi" na kunyamaza, imejipiga yenyewe. Mstari wa makumbusho usiuguse, ila ongeza sentensi moja baada yake au kwenye aya: kiliporwa Benin, 1897. Hakuna makumbusho itakayokudai kwa kusema hivyo, habari hiyo wenyewe wanaieleza.

Kuhusu tanbihi nitapita haraka, maana kila chuo kina mtindo wake na mwalimu wako ndiye mwenye neno la mwisho. Mtindo wa Chicago kwa kawaida unaitosheleza kazi ya sanaa kwa maelezo chini ya picha au tanbihi, bila kuipeleka kwenye orodha ya marejeo. Mtindo wa APA unaitaka na huko pia. Mharibifu hodari huchanganya mitindo yote miwili ndani ya insha moja. Pia huweka Picha ya 1 bila kuitaja popote kwenye aya zake, ikabaki imesimama kama mgeni asiyekaribishwa kiti.

Kuna mtego mmoja wa kitabuni unaostahili subira zaidi. Umeiona picha kwenye kitabu cha maktaba, ukaipiga kwa simu, ukaitumia. Chini yake umeandika "Picha: mwandishi", kwa sababu kweli ni wewe uliyebonyeza. Hapo umejitangaza mpiga picha wa kitu usichowahi kukiona. Ulichopiga ni ukurasa. Andika kitu chenyewe kwanza kama kawaida, kisha useme picha imetoka kitabu gani, cha nani, mwaka gani, ukurasa gani, na kama kitabu kimemtaja mpiga picha, umtaje. "Picha: mwandishi" ni haki ya aliyesimama mbele ya kitu.

Sasa tuje kwenye ruhusa, ambako mharibifu anaweza kutoka kwenye kupoteza alama akaingia kwenye kupoteza fedha.

Kanuni ya kwanza ya mharibifu: amini kwamba kutaja ni kuomba. Umeandika jina la msanii, la makumbusho na la mpiga picha, basi kila mtu ametendewa haki. Hapana. Kutaja ni deni la kitaaluma unalolilipa kila mara, hata kwa kazi ya miaka elfu mbili. Ruhusa ni jambo la kisheria, na linategemea insha inakwenda wapi. Ikiwa ni zoezi la darasani linaloishia mezani kwa mwalimu, sheria za hakimiliki kwa kawaida huachia nafasi ya masomo, na hakuna atakayekutaka barua. Insha hiyohiyo ikigeuzwa makala ya jarida, au tasnifu ikawekwa kwenye maktaba ya mtandaoni ya chuo ambako dunia nzima inaisoma, umeshachapisha. Na ukisoma mkataba wa mchapishaji utakuta kifungu kinachosema kuwa kutafuta ruhusa za picha na kuzilipia ni juu ya mwandishi. Wengi hukisoma baada ya kutia saini.

Kinyago kimechongwa karne ya 16, kwa hiyo mchongaji hana hakimiliki inayodaiwa leo. Hapo mharibifu anashangilia na kuchukua picha yoyote. Asubiri kidogo, kuna mpiga picha. Mwaka 1999 mahakama moja ya New York, katika kesi ya Bridgeman dhidi ya Corel, iliamua kwamba picha inayonakili kwa uaminifu mchoro bapa ambao haki zake zimekwisha haizai hakimiliki mpya. Umoja wa Ulaya nao ukaweka kanuni inayofanana na hiyo katika maelekezo yake ya mwaka 2019. Lakini kinyago si bapa. Mpiga picha amechagua pembe ya kusimama, taa, kivuli cha pua, na uchaguzi huo unaweza kumpa hakimiliki yake mwenyewe. Kitu ni cha wote, picha yake ina mwenyewe.

Ndiyo maana mapacha wetu, wanaofanana sura, hawafanani masharti. Makumbusho ya Metropolitan ilitangaza Februari 2017 kwamba picha zake za kazi ambazo hakimiliki yake imekwisha inazitoa kwa CC0, maana yake imeachilia madai yake yote. Kwenye ukurasa wa kitu utaona maneno Public Domain chini ya picha. Ukiyaona, pakua na uchapishe, hata kwenye kitabu cha kuuza. Usipoyaona, usidhani yamesahauliwa.

Makumbusho ya Uingereza hutoa picha zake nyingi kwa CC BY-NC-SA 4.0. Herufi hizo zinataka mambo matatu: uwataje, usifanye biashara, na ukiibadilisha picha ukaitoa, uitoe kwa masharti hayohayo. Hapo kwenye biashara ndipo waandishi wanapojikwaa. Wewe hulipwi hata shilingi kwa makala yako, lakini jarida linauzwa na kampuni inayotafuta faida. Usiamue peke yako kwamba hiyo si biashara. Mwandikie mwenye picha, mweleze jarida ni lipi, ungoje jibu. Au, kama hoja yako inasimama vilevile na kinyago cha New York, badilisha kinyago na uandike upya aya ya taji. Kubadilisha picha kwa ajili ya leseni si aibu. Aibu ni kuibadilisha ukasahau kubadilisha aya.

Twende Dar es Salaam. Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 upande wa Tunduru, akaanza kuchora mwaka 1968, na akafa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu anayekimbia. Kazi yake yote ya uchoraji imebanwa kati ya miaka hiyo michache, na hilo ni zawadi kwa mwandishi wa maelezo: mchoro wake usio na tarehe unaweza kuandikwa "takriban 1968–1972" bila kubahatisha. Mharibifu, badala yake, ataandika mwaka aliopiga picha.

Ataandika pia "Tingatinga, Chui, rangi ya mafuta kwenye turubai." Maneno machache, makosa mengi. Tingatinga ni jina la mtu, na pia ni jina la mtindo unaochorwa na mamia ya watu hadi leo, hivyo msomaji hajui umemtaja nani. Andika jina lake kamili kama ni yeye. Kama ni mchoraji mwingine wa mtindo huo, andika jina la mchoraji huyo. "Chui" huenda ni jina alilolitoa mwenye nyumba, kwa kuwa ndilo analoliona akinywa chai; kama mchoraji hakuliandika, sema "Haina jina (chui)". Na "rangi ya mafuta kwenye turubai" imeandikwa kwa mazoea ya vitabu vya Ulaya. Tingatinga alitumia rangi za kung'aa za aina ya zile zinazopakwa baiskeli, juu ya vipande vya mbao bandia vya mraba, mara nyingi sentimita 60 hivi kila upande. Turubai ilikuja kuzoeleka baadaye, kwa wachoraji waliomfuata. Kwa hiyo ukikuta turubai yenye sahihi yake, itazame mara mbili kabla ya kuandika jina lake bila wasiwasi. Michoro ya bandia yenye sahihi hiyo ipo, na inauzwa.

Swali la nani amechora linaonekana kama la wataalamu tu, lakini ndilo linaloamua kama utaomba ruhusa au la. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania Bara ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa uhai wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake, ikihesabiwa kutoka mwisho wa mwaka aliokufa. Tingatinga alikufa 1972, kwa hiyo ulinzi wake Bara ulikwisha na mwaka 2022. Simon Mpata, mmoja wa wanafunzi wake wa mwanzo, alikufa mwaka 1984, na kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2034. Sasa fikiria mchoro mmoja wa chui wenye mashaka. Ukisema ni wa Tingatinga, unachapisha. Ukisema ni wa Mpata, unatafuta warithi. Mharibifu huona hapa njia ya mkato na kumtaja marehemu wa mapema zaidi.

Na hiyo ni hesabu ya hapa. Nchi za Umoja wa Ulaya hulinda miaka 70 baada ya kifo, ingawa kwa kazi ya mgeni hufuata muda wa nchi kazi ilikotoka kama ni mfupi zaidi. Marekani haifuati utaratibu huo. Jarida likichapishwa huko, au na mchapishaji wa huko, mwulize mhariri anataka hesabu ya nchi gani kabla hujamwambia kwa furaha kwamba kazi ni huru. Hata ikiwa huru, jina la msanii linabaki pale pale.

Kumbuka kwamba mchoro uko nyumbani kwa mtu. Tuseme mwandishi amekwenda Msasani kumwona huyo mzee.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumwona chui wangu?"

"Ndiyo, mzee. Naomba na ruhusa ya kumpiga picha nimweke kwenye makala."

"Piga tu. Nimemnunua kwa hela yangu, nani wa kukuzuia?"

Jibu la kiungwana, na kisheria halijakamilika. Mzee ana mchoro. Anaweza kukufungulia mlango au kuufunga, anaweza kukataa jina lake lisitajwe, na hayo yote ni ya kuheshimu. Hakimiliki hakuinunua pamoja na ubao, isipokuwa kama alikabidhiwa kwa maandishi. Kama mchoro ni wa Mpata, neno la mzee haliwezi kusimama badala ya warithi wa Mpata. Pa kuanzia kuwatafuta ni kwa wachoraji wenzake na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, kuuliza kama kuna usajili. Kwa Zanzibar kuna COSOZA, na sheria yao ni nyingine.

Mzee asipotaka kutajwa, andika "mkusanyo wa mtu binafsi, Dar es Salaam". Usiandike mtaa. Watu wamewahi kuvunjiwa kwa habari ndogo kuliko hiyo.

Ukipiga picha mwenyewe, haki ya upigaji ni yako na umepunguza mtu mmoja wa kumwomba. Ukitumia picha ya rafiki, mwombe, tena kwa maandishi. Ukiichukua Wikimedia Commons, soma leseni ukijua imetolewa na nani. Mtu aliyepiga picha mchoro wa msanii aliye hai na kuuweka huko kwa leseni huru ametoa haki yake ya kupiga picha. Ya mchoraji hakuwa nayo, kwa hiyo hakuweza kuitoa.

Imebaki barua. Barua ya mharibifu inasema: "Habari, naomba kutumia picha zenu kwenye insha yangu, asante." Inapelekwa kwenye anwani ya jumla ya makumbusho, wiki moja kabla ya makala kwenda mitamboni. Anayeipokea hajui picha gani, insha gani wala wapi. Ataiacha, au atauliza maswali kumi, na kila swali ni wiki.

Barua inayojibiwa hujaza maswali hayo mapema. Inataja jina la kazi na namba yake ya makumbusho, na namba ya faili la picha kama ipo. Inasema kichwa cha makala, jina la jarida, mchapishaji na mwezi wa kutoka. Inasema nakala ngapi zitachapwa, na kama makala itawekwa mtandaoni pia. Inasema picha itakuwa ndani au kwenye jalada, na ukubwa wake: robo ukurasa, nusu, au mzima. Inaomba haki za dunia nzima kwa lugha zote kama jarida linazihitaji, kwa muda gani, na kwa chapisho lijalo kama lipo. Inauliza ada, na kama kuna nafuu kwa kazi ya kitaaluma. Mwisho inauliza mstari wa shukrani wanaoutaka uandikwe vipi. Wakikupa mstari huo, uchape kama ulivyo, hata kama nukta yake inakuudhi. Ukitaka kukata ukingo wa picha au kuweka maandishi juu yake, sema sasa, kwa maana wengi hukataza hayo bila idhini. Na ukichapa kipande tu cha kazi, maelezo yaseme "sehemu".

Sanduku la barua likikaa kimya, mharibifu huhesabu kimya kuwa ndiyo. Katika posa huenda hilo linafaa. Kwenye hakimiliki, kimya ni kimya. Andika tena, hifadhi tarehe za barua zote, na uwe na picha mbadala tayari.

Ruhusa ikipatikana, bado unaweza kuharibu kwa faili lenyewe. Mitambo ya uchapaji hutaka kwa kawaida nukta 300 kwa kila inchi. Picha ya sentimita 12 kwa upana inahitaji pikseli 1,417 hivi. Ile uliyoinasa kwenye skrini ina pikseli 600, ambazo karatasini zinatosha sentimita tano na kidogo, ukubwa wa kisanduku cha kiberiti. Ukiinyoosha ifike 12, Wareno wa taji wanakuwa ukungu na ndevu zao haziwezi kutetewa na tanbihi yoyote. Kuipandishia namba ya nukta kwenye kompyuta hakuongezi kitu ambacho kamera haikukiona. Omba faili kubwa kwa mwenye nalo, kwenye barua ileile ya kwanza.

Basi, ndugu mwandishi, kama bado unataka kuharibu, njia zote umeonyeshwa. Kama umeghairi, tuma barua za ruhusa siku unapochagua picha, si siku unapomaliza kuandika, na majibu yaweke yote kwenye faili moja. Mhariri atayaomba kabla hajapeleka makala mitamboni, na asiyekuwa nayo picha yake huondolewa.